Damu ya Mbwa: Hesabu Iliyofichwa Nyuma ya Asilimia

Mbwa wa ulinzi mjini Bunia akilegea na ufizi wake ukiwa mweupe, watu hulaumu kupe, na mara nyingi hawakosei. Lakini jibu la maabara likishaonyesha kwamba damu imepungua, swali la kwanza ni kama uboho wa mifupa unaitikia. Damu inapovuja au kuharibiwa, uboho mzima hutoa kwa wingi chembe nyekundu changa, yaani retikulosaiti. Uboho uliodhoofishwa na ugonjwa hautoi. Hali zote mbili zaweza kuonyesha hematokriti ile ile, ilhali tiba zake ni tofauti kabisa.

Tuseme fomu inasoma hivi: hematokriti asilimia 15, chembe nyekundu milioni 2.1 kwa kila mikrolita, MCV (VGM kwenye fomu za Kifaransa) fl 71. Mashine iliyopangwa kwa binadamu, ambaye kawaida yake ni 80 hadi 100, itasema chembe ni ndogo na msomaji atafikiria upungufu wa madini ya chuma. Kwa mbwa, 71 ni ukubwa wa kawaida kabisa. Wapo wanaodai kwamba MCV ikipanda, uboho unafanya kazi. Ikipanda, sawa, lakini mbwa wengi ambao uboho wao unaitikia vizuri hubaki na MCV ya kawaida, kwa hiyo 71 hii haitujibu lolote.

Kinachojibu ni kuchanganya damu na bluu ya kresili kwa vipimo sawa, kusubiri kama dakika 15, kupaka kwenye kioo na kuhesabu chembe 1,000 kwa hadubini. Zikipatikana changa 20, hiyo ni asilimia 2. Mbwa mzima huwa na kama 1, basi mtu hufurahi: zimeongezeka maradufu! Furaha hiyo ni ya bure. Asilimia 2 ya milioni 2.1 ni 42,000 tu, chini ya 60,000 inayohitajika angalau ili tuseme uboho unaitikia. Zingekuwa asilimia 8, tungepata 168,000, na hapo tungetafuta mahali damu inapopotelea: minyoo ya safura, jeraha, au babesia.

Mtu atapinga: kwa nini mbwa asichomwe diminazene tu, maana kupe wanaonekana? Kwa sababu dawa hiyo haitibu erlikia, ambayo pia huletwa na kupe na ikikaa sana huudhoofisha uboho. Hiyo huhitaji doksisaiklini. Hata hivyo, 42,000 haiondoi babesia. Uboho huchukua siku tatu hadi tano kuitikia, na babesia kali mara nyingi huonyesha mwitikio hafifu. Kioo kitafutwe vimelea siku hiyo hiyo, na chembe changa zihesabiwe tena siku ya tano. Zikibaki chini, huku chembe nyeupe na chembe sahani nazo zikiwa zimepungua, wa kushukiwa ni uboho wenyewe.