Kabla Maharusi Hawajaingia

Kadi ilisema saa 12 jioni. Sasa ni saa 1 na robo usiku, na kati ya wageni 280 wanaosubiriwa katika ukumbi huu wa Dar es Salaam, waliofika ni kama 120. Karibu nusu yao wamesimama. Wengine wamejibana ukutani, wengine wanazunguka kati ya meza wakisoma vibao vya "Imehifadhiwa", na mama mmoja ameketi ukingoni mwa kiti, mkoba juu ya mapaja, kadi ya mwaliko bado mkononi. Ukimtazama unaona hana hakika kama kiti alichokalia ni chake. Dijei anapiga muziki kwa nguvu. Hapo ndipo mshereheshaji anapochukua maiki kuwakaribisha wageni.

Nimeifanya kazi ya ushereheshaji kwa miaka mingi, na ukaribisho huu wa kwanza ndio sehemu ninayoiandaa kwa makini kuliko zote. Mtu aliyesimama hasikii salamu. Anatafuta kiti, anatafuta sura anayoijua, anajiuliza kama akikaa atakuja kuinuliwa. Mpaka aketi na apate kitu cha kunywa, maneno mazuri yote yatapita juu ya kichwa chake.

Hili nililijua kwa kukosea. Katika harusi moja, nilipokuwa bado mgeni wa kazi hii, niliwaambia watu, "Kaeni popote penye nafasi." Niliona ni ukarimu. Mashangazi wanne wa bibi harusi, waliosafiri kwa basi kutoka Moshi, wakakaa meza ya mbele kabisa. Kumbe meza ile ilikuwa ya wazazi wa bwana harusi, na kibao chake kilikuwa kimeanguka chini. Saa 2 usiku mjumbe wa kamati akaja kuwaomba wahame. Nilimsikia mkubwa wao akimuuliza kwa upole, "Mwanangu, si ninyi wenyewe mmesema tukae popote?" Wakainuka, wakaupita ukumbi mzima mikoba mkononi, watu zaidi ya 200 wakiwatazama. Keki ilipokatwa walikuwa wameshaondoka. Siku ya pili familia ilibidi itume wazee kwenda kuomba radhi. Tangu hapo neno "popote" halijatoka tena mdomoni mwangu nikiwa na maiki.

Kwa hiyo kazi ya ukaribisho huanza kabla ya kusema lolote. Alasiri ya siku ya sherehe nazunguka ukumbi na mtu wa kamati anayeshughulikia mapokezi, tukihesabu. Chukua ukumbi huu wa watu 280. Kamati iligawa kadi 120 za dabo, ambazo ni watu 240, na kadi 40 za singo. Meza ni 28 za watu 10 kila moja, mbali na meza kuu. Hesabu imekaa sawasawa, na hapo ndipo penye hatari, maana wapo wenye singo watakaokuja wawili. Ndiyo maana naomba ziwekwe meza 2 za akiba karibu na mlango, zisizo na kibao. Kisha naulizia mambo manne: nani anakaa wapi, wapokezi watajulikana kwa alama gani, kinywaji cha kwanza kinatoka saa ngapi, na msalani ni wapi. Lisilo na jibu silitaji kabisa. Ukitangaza kwamba vinywaji vinakuja na kumbe kreti bado ziko kwenye gari, umewafundisha watu kutokusadiki wewe kwa usiku wote uliobaki.

Basi namwomba dijei ashushe muziki mpaka usikike kwa mbali, nasogea nisiwe mbele ya spika, maana ndipo maiki inapopiga mluzi, na nasema hivi:

"Wageni wetu, habari za jioni. Asalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wetu, shikamooni. Kwa niaba ya familia zote mbili na kamati ya maandalizi, karibuni sana. Tunajua mmetoka mbali na foleni mmeikuta, asanteni kwa kuja. Kwa ambaye hajapata kiti: ndugu wa bwana harusi, meza zenu ziko upande wa mlango mlioingilia, vitambaa vya bluu. Ndugu wa bibi harusi, ni upande wa keki, vitambaa vya dhahabu. Marafiki, majirani na wafanyakazi wenzetu, meza za katikati zote ni zenu. Ukikosa nafasi usizunguke. Simama hapo ulipo, inua mkono, na vijana wetu wenye skafu nyekundu watakufuata. Mzee asiyeweza kutembea sana, na mama mwenye mtoto mchanga, wana viti vyao karibu na mlango. Kadi mlizobaki nazo ni kumbukumbu yenu, hakuna atakayeziomba tena. Maji na soda vinaanza kupita sasa, tukianzia meza za nyuma. Chakula ni saa 3, na nyama yote imechinjwa na Mwislamu, kila mtu ale kwa amani. Msalani ni mlango ule wenye taa ya kijani. Maharusi wako njiani. Karibuni."

Haizidi dakika 2 hata ukisema taratibu, na inatakiwa isemwe taratibu. Salamu nimezifupisha, lakini sijaziacha. Ukumbi wa harusi mjini una Waislamu, Wakatoliki na Walutheri kwenye meza moja, na kila kundi hungoja kusikia salamu yake. Kila moja ina kiitikio, na hicho kiitikio ndicho kipimo changu cha kwanza. Nikisema "Tumsifu Yesu Kristo" na "Milele, amina" ikarudi kutoka pembe moja tu, najua pembe zilizobaki hazinisikii, na namwashiria dijei kabla sijafika kwenye mambo ya viti. Shikamoo ya wazee nayo haiachwi. Kijana anayeshika maiki bila kuwaamkia waliomzidi umri atasikilizwa kwa masikio tu.

Kitu ambacho sikifanyi hapa ni kutaja majina. Mshereheshaji mwenye pupa huanza kumtaja mheshimiwa fulani, mchungaji, mwenyekiti wa mtaa, na akishataja watano, wa sita aliyesahauliwa anajua. Sherehe zetu zina kipindi chake cha utambulisho, baada ya maharusi kuingia, na majina hukaa huko. Kwenye ukaribisho, "wageni wetu" inawafunika wote. Hata ile kauli ya "itifaki imezingatiwa" tuliyoizoea naiweka mbali na dakika hizi, maana inawahusu wenye vyeo, na wakati huu namsemesha yule mama aliyekaa ukingoni mwa kiti.

Utaona pia sikusema kulia wala kushoto. Mshereheshaji anawatazama wageni, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwao. Hata ukisema "kulia kwenu", nusu ya watu wamekupa mgongo kwa sababu meza ni za duara. Mlango mlioingilia, keki, rangi ya vitambaa, taa ya kijani: hivyo vinaonekana na kila mtu, vyovyote alivyokaa. Kwa sababu hiyo hiyo wapokezi wanavaa skafu. Wakivaa sare ya kamati, ambayo wajumbe wote wameivaa, mgeni atamshika mkono mweka hazina anayekimbizana na malipo ya ukumbi, naye atamjibu, "Subiri kidogo," halafu asirudi.

Ile kauli ya kuchinja wengine huiona ndogo. Mgeni Mwislamu hataki kumwita mhudumu na kumuuliza mbele ya meza nzima. Asipoambiwa, atakula wali na kachumbari, atasema ameshiba, na hutajua kamwe kwamba ameondoka na njaa. Lakini uiseme tu ukiwa umemuuliza mpishi mwenyewe, ana kwa ana, nani alichinja. Kama huna jibu la uhakika, nyamaza, na umwombe mwenyekiti wa kamati alifuatilie.

Kuhusu vinywaji, mambo yanakwama kwenye mwendo. Wageni 280 kwa chupa moja moja ni kreti 12 za soda na maji, kwa hesabu ya chupa 24 kila kreti, na zote zinatakiwa ziwe baridi. Wahudumu 7 wanabeba meza 4 kila mmoja. Mhudumu akitumia dakika 4 kwenye meza moja, kuuliza nani anataka nini na kufungua chupa, meza ya mwisho itapata baada ya robo saa. Ukianzia mbele, kama wengi walivyozoea, robo saa hiyo wanaisubiri watu wa nyuma, ambao tayari wanahisi wametupwa. Ukianzia nyuma, wa mbele wanaona chupa zikija kwao na wanatulia. Wazee na wenye kisukari wapelekewe maji yasiyo baridi sana bila kuulizwa mara mbili. Hilo nawaambia wahudumu jikoni, silitangazi.

Nikishamaliza siondoki hapo mara moja. Nasikiliza viti. Mvumo wa viti kuburutwa sakafuni hupanda, kisha baada ya dakika kama 2 unapungua, na njia za kati ya meza zinabaki wazi. Mikono miwili mitatu iko juu, na skafu nyekundu zinaielekea. Kadi zinaanza kuingia mikobani. Kama baada ya dakika 3 bado watu wamesimama makundi makundi, basi upande mmoja umejaa, na hapo naweka maiki chini na kwenda mwenyewe na mpokezi kufungua meza za akiba. Kutangaza tena hakusaidii: aliyekosa kiti ameshasikia, tatizo lake si masikio.

Tatizo la masikio ni la wanaochelewa. Watu hufika kwa mafungu, na aliyeingia saa 1 na dakika 40 hakusikia chochote. Kwa hiyo nairudia mara mbili zaidi, kwa sekunde 20 tu: karibuni mlioingia sasa, bluu kwa bwana harusi, dhahabu kwa bibi harusi, inua mkono mwenye skafu aje, soda inakufuata. Waliokaa zamani hawachoki kuisikia ikiwa fupi. Wanawageukia wageni wapya na kuwaonyesha viti, na hapo ukumbi wenyewe unanifanyia nusu ya kazi.

Jioni hii yule mama mwenye mkoba aliinua mkono. Kijana mwenye skafu akamfikia, akainama, nikaona midomo ikisema "Shikamoo, mama." Akamwongoza hadi meza ya pili upande wa keki, ambako wanawake watatu waliinuka kwa kelele za kumkumbatia. Mkoba ukatoka mapajani ukatundikwa mgongoni mwa kiti. Nje, kutoka upande wa barabara, matarumbeta yalikuwa yameanza kusikika.