Kugeuza Sekunde za Tao Kuwa Digrii

Ukubwa wa sayari kama inavyoonekana angani hupimwa kwa pembe, yaani nafasi iliyopo kati ya ukingo mmoja wa sayari na ule wa pili kwa jicho la anayeitazama. Digrii moja ina dakika 60 za tao, na kila dakika ina sekunde 60 za tao. Kwa hiyo digrii moja ni sekunde 3,600. Sekunde hizi hazihusiani kabisa na saa. Katika majedwali ya wanaastronomia, alama moja (') huonyesha dakika na alama mbili (") huonyesha sekunde.

Kupata digrii, sekunde hugawanywa kwa 3,600. Tarehe 27 Agosti 2003 Mirihi ilifika umbali wa takriban kilomita milioni 55.8 kutoka duniani, karibu kuliko ilivyowahi kuwa kwa miaka ipatayo 60,000. Upana wake ulikuwa 25.1". Ukigawanywa kwa 3,600, jibu ni digrii 0.007 hivi. Mwezi una upana wa dakika 31 hivi, sawa na sekunde 1,860 au digrii 0.52. Ingehitajika Mirihi 74 zipangwe mstari mmoja ili kuvuka uso wa Mwezi.

Hata hivyo, ulienea ujumbe wa barua pepe uliodai kwamba Mirihi ingeonekana kubwa kama Mwezi mpevu, na ukaendelea kuibuka miaka iliyofuata. Chanzo chake ni sentensi iliyokuwa sahihi kuhusu darubini inayokuza mara 75. Sekunde 25.1 zikizidishwa kwa 75 ni takriban 1,883, yaani digrii 0.52, sawa kabisa na Mwezi unaotazamwa kwa macho matupu. Waliosambaza ujumbe waliiacha darubini nje, wakabaki na Mwezi. Bila darubini, jicho la kawaida hutenganisha vitu vilivyoachana kwa dakika moja hivi, yaani 60", kwa hiyo Mirihi ilibaki nukta nyekundu yenye kung'aa sana.

Kosa la kawaida katika hesabu hii ni kugawanya kwa 60 mara moja tu. Kwa Mirihi ile jibu huwa 0.418; hizo ni dakika, lakini zikiandikwa kuwa digrii, sayari inakaribia ukubwa wa Mwezi na kosa halishtui. Njia nzuri ya kulinasa ni kukumbuka Zuhura, sayari inayoonekana pana kuliko zote: hata inapokuwa karibu kabisa nasi, upana wake huzidi kidogo tu dakika moja, takriban 66", ambazo ni digrii 0.018. Jibu lolote la sayari linalopita digrii 0.02 lina kasoro, na mara nyingi dawa yake ni kugawanya kwa 60 mara ya pili.