Sanduku Kwanza, Daftari Baadaye: Hotuba ya Mweka Hazina Siku ya Mgao

Katika vikundi vya kuweka na kukopa vinavyojulikana Tanzania kama vikoba, mwaka wa fedha haufungwi kwa karatasi bali kwa sanduku. Siku ya mgao, ambayo wengi huiita siku ya kuvunja kikundi, washika funguo watatu hufungua kufuli tatu mbele ya wote, fedha humwagwa kwenye meza au mkeka, na wahesabu fedha wawili huzihesabu kwa sauti. Hapo ndipo mweka hazina husimama kueleza michango ya mwaka mzima ilikwenda wapi. Mpangilio huu una sababu. Akianza kusoma daftari kabla fedha hazijahesabiwa, wanachama husikiliza takwimu wasizo na njia ya kuzipima. Fedha zikishahesabiwa, kila anachosema kinapimwa na kilicho mezani.

Utaratibu wa hisa, sanduku na mgao wa mwisho wa mwaka ulianzia Niger mwaka 1991, katika vikundi vya wanawake vilivyosaidiwa na shirika la CARE, kisha ukasambaa hadi Afrika Mashariki. Nchini Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi vya aina hii katika daraja la nne. Usajili na karatasi vina kazi yake, lakini mjadala wa siku ya mgao huwa mmoja ule ule: je, hesabu ya mweka hazina inalingana na kumbukumbu ya wanachama?

Hotuba nzuri hutenganisha mifuko miwili tangu sentensi ya kwanza. Mfuko wa hisa haukutumika, ulikopeshwa ukarudi. Mfuko wa jamii, ambao kila mwanachama huuchangia kiasi kidogo sawa katika kila mkutano, ndio uliotumika kwa maana halisi ya neno hilo: ulizika, ulitibu, ulipokea watoto waliozaliwa. Magomvi mengi ya siku ya mgao hutokana na kuchanganya viwili hivi. Mwanachama aliyesikia kwamba "fedha zimetumika kwenye misiba" hudhani akiba yake imepungua, kumbe haikuguswa.

Chukua kikundi cha mfano chenye wanachama 24, kinachokutana kila wiki kwa wiki 48. Hisa moja ni sh 2,000, na mwanachama hununua hisa 1 hadi 5 kwa mkutano. Mfuko wa jamii ni sh 500 kwa kila mtu kwa wiki. Mkopo hutozwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi.

Mweka hazina wa kikundi hiki angeanza na mfuko wa jamii, kwa kuwa ndio mfupi na ndio wenye maswali. Kama kila mtu angelipa kila wiki, mfuko ungekusanya sh 576,000. Uliokusanywa ni sh 561,000. Pengo la sh 15,000 ni michango 30 ambayo haikulipwa, na mweka hazina mwangalifu hulisema mwenyewe kabla hajaulizwa, akitaja ni wiki zipi na wanaodaiwa ni akina nani, kwa sababu wanachama wenye vichwa vya hesabu hupiga 24 mara 48 wakiwa bado wamekaa kwenye viti vyao. Kisha huja matumizi: misiba 3 kwa sh 60,000, wagonjwa 4 waliolazwa kwa sh 40,000, na wazazi 2 kwa sh 30,000. Jumla ni sh 400,000. Zimebaki sh 161,000, na hizo hazigawanywi. Hubaki sandukuni ziwe kianzio cha mwaka unaofuata, maana msiba haungoji michango ya wiki ya kwanza.

Kila msaada hutajwa pamoja na tarehe ya mkutano uliouidhinisha, na aliyeupokea huthibitisha kwa kauli yake. Neno moja la "nilipokea" kutoka kwa mwanachama aliyefiwa lina uzito kuliko risiti tatu. Kiasi cha kila msaada huwa kimeandikwa kwenye katiba ya kikundi. Pale ambapo mtu mmoja alipewa sh 60,000 na mwingine sh 80,000 kwa jambo lile lile, mweka hazina anapaswa kuonyesha uamuzi wa mkutano, la sivyo hotuba hugeuka kesi.

Mfuko wa hisa unahitaji maelezo marefu zaidi. Katika mfano huu ziliuzwa hisa 2,880, sawa na sh 5,760,000. Uthibitisho wake si daftari la katibu peke yake. Kila mwanachama hufungua kitabu chake, huhesabu mihuri ya hisa na kutamka idadi. Katibu hujumlisha, na jumla ya vitabu 24 lazima iwe 2,880, isizidi wala kupungua hata moja. Zoezi hili huchosha, na vikundi vyenye haraka huliruka. Hilo ni kosa, kwa kuwa muhuri uliogongwa bila fedha kupokelewa, au fedha zilizopokelewa bila muhuri, haviwezi kuonekana kwa njia nyingine.

Baadaye huja takwimu inayozua minong'ono: mikopo iliyotolewa mwaka mzima ni 38, yenye jumla ya sh 11,400,000. Akiba ni chini ya milioni 6, imewezaje kukopesha zaidi ya milioni 11? Wapo watakaohisi kuna mchezo. Mweka hazina hujibu kwa kufuata shilingi moja moja: sh 300,000 alizokopa muuza samaki mwezi wa tatu zilirudi mwezi wa tano, na mkutano ule ule ukampa fundi cherehani. Ni fedha zile zile, zimehesabiwa mara mbili kwa sababu zimefanya kazi mara mbili. Mikopo hii ilikaa kwa wastani wa miezi miwili, hivyo riba ni asilimia 10 ya sh 11,400,000, yaani sh 1,140,000. Mwanachama yeyote anaweza kuipima riba kwa njia hiyo. Ikitofautiana sana na iliyosomwa, ama kuna mikopo iliyochelewa, ama kuna riba iliyoandikwa bila kupokelewa.

Hili la mwisho ndilo kovu la vikoba vingi. Mkopaji aliyeshindwa kulipa hupewa mkopo mpya wa kulipia ule wa zamani pamoja na riba yake. Daftarini riba inaonekana imeingia, na kikundi kinaonekana kina faida, lakini hakuna hata noti moja iliyoingia sandukuni. Udanganyifu huu hauhitaji mwizi. Huruma peke yake inatosha. Hugundulika siku ya mgao tu, pale daftari linaposema kuna fedha na meza inasema hakuna. Ndiyo sababu mikopo mipya husimamishwa miezi miwili au mitatu kabla ya kufunga mwaka, ili kila deni lirudi na lionekane.

Faini za waliochelewa na wasiohudhuria zilifika sh 86,000. Gharama za kikundi, yaani madaftari, kalamu, wino wa muhuri na kufuli moja mpya, zilikuwa sh 50,000. Sasa hesabu kuu inawezekana: hisa sh 5,760,000, riba sh 1,140,000 na faini sh 86,000, ukitoa gharama sh 50,000, zinabaki sh 6,936,000. Ukigawa kwa hisa 2,880, kila hisa iliyonunuliwa kwa sh 2,000 sasa ina thamani ya sh 2,408 na senti. Kwa kawaida thamani hushushwa hadi kiasi kinachogawika kwa urahisi, hapa sh 2,400. Mgao wote unakuwa sh 6,912,000, na sh 24,000 zinasalia. Salio dogo kama hilo ni lazima litajwe na liamuliwe na mkutano, mara nyingi liingie mfuko wa jamii. Likiachwa bila kutajwa, ndilo litakalosimuliwa mtaani mwaka mzima.

Bado kuna deni moja. Mwanachama mwenye hisa 150 amebakiza mkopo wa sh 220,000, ingawa riba ameshalipa. Kwa hiyo fedha taslimu za mfuko wa hisa si sh 6,936,000 bali sh 6,716,000. Ukiongeza sh 161,000 za mfuko wa jamii, mezani panapaswa kuwa na sh 6,877,000, zikiwemo zilizokuwa benki au kwenye simu na kutolewa kwa ajili ya siku hiyo. Hii ndiyo takwimu ambayo wahesabu fedha walikwisha kuitamka kabla hotuba haijaanza. Zikilingana, mabega hushuka. Zikitofautiana hata kwa sh 5,000, mgao husimama hadi kosa lipatikane, na kosa la kawaida ni faini iliyopokelewa bila kuandikwa, au mchango wa jamii uliowekwa kwenye mfuko wa hisa.

Mdaiwa mwenyewe hapewi fedha mkononi kisha akaombwa alipe. Hisa zake 150 zina thamani ya sh 360,000. Deni hukatwa, naye huondoka na sh 140,000. Hali ingekuwa ngumu kama angekuwa na hisa 60 tu. Thamani yake isingefunika deni, na kama halipatikani kwingine, fedha zilizopo zingegawanywa kwa hisa 2,820 za wengine, kila moja ikipata karibu sh 2,381. Yaani karibu sh 27 zingetoka kwenye kila hisa ya asiyekopa. Vikundi vingi huweka ukomo wa mkopo kuwa mara tatu ya akiba ya mkopaji, lakini ukomo huo haulindi kitu ikiwa deni limebaki bila kulipwa hadi siku ya mwisho. Wadhamini ndio hutakiwa kuziba. Mweka hazina anayetaja takwimu ya sh 27 huwafanya wanachama waelewe udhamini ni nini kuliko anayesoma kifungu cha katiba.

Zipo dalili za hotuba ya kutiliwa shaka. Takwimu zote zinaishia kwenye laki kamili. Mweka hazina ndiye aliyehesabu fedha, tena nyumbani. Vitabu vya wanachama vilikusanywa wiki moja kabla "ili virekebishwe". Au maswali yanaahirishwa hadi baada ya mgao, wakati ambapo hakuna tena kitu cha kupima.

Kikundi kinachofuata utaratibu hakipati mshangao mkubwa siku hiyo. Kila mkutano wa wiki hufungwa kwa kutamka salio la sanduku, na mkutano unaofuata huanza kwa kuwauliza wanachama wanalikumbuka kuwa shilingi ngapi, kabla kufuli hazijafunguliwa. Baada ya mgao utaratibu huo huendelea. Bahasha 24 zikishatolewa na kusainiwa, sh 161,000 za mfuko wa jamii, na sh 24,000 za salio kama mkutano umeamua ziungane nazo, huhesabiwa tena, wanachama hutamka pamoja sh 185,000, na kufuli tatu hufungwa.