Jalada la Bwana Msa lisiuze majini

Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar iliyotoka 1960, ina mtego. Jina lataja mzimu, lakini ndani mna mauaji, na Bwana Msa na kiko chake akimsaka muuaji. Basi jalada ndilo lenye kazi ya kumwambia mpita njia kwamba hii ni hadithi ya upelelezi.

Nilipokuwa Matiliku, kule Makueni, nilichora majalada mawili ya kitabu hiki nikayajaribu sokoni. La kwanza lilikuwa na fuvu na herufi zinazochuruzika kama damu. La pili lilikuwa na herufi nene zilizonyooka, kiko, na kivuli cha mtu mlangoni. Nilimwonyesha kila mtu jalada moja tu, hatua tatu mbali, nikihesabu hadi tano kisha nikilificha. Sikuuliza kama ni zuri, maana watu hujibu kwa adabu. Niliuliza, "Hii ni hadithi ya nini?"

Wa la kwanza walijibu majini na uchawi. Wa la pili, wengi walisema mauaji au polisi, ila wawili bado walitaja mashetani. Nilipofunika jina, hao wawili nao wakasema mpelelezi. Hapo nikajua picha haina kosa. Neno "mzimu", lililoandikwa kubwa kuliko yote, ndilo lililowavuta. Dawa ni kulipunguza, na jina la Bwana Msa likuzwe juu yake.