Bango la kisayansi lisomeke kutoka mita moja na nusu

Bango la kongamano la kisayansi ni karatasi moja kubwa inayoeleza utafiti mmoja, ikiwa imebandikwa ubaoni huku mtafiti amesimama kando yake. Ukubwa uliozoeleka ni A0, yaani milimita 841 kwa 1189, sawa na karatasi 16 za A4 zilizopangwa pamoja. Msomaji wake hakuketi. Anapita ukumbini wakati wa mapumziko ya chai, mabango mengine yamemzunguka, na anaposimama huwa umbali wa mita moja na nusu hivi. Umbali huo na haraka aliyo nayo ndivyo vinavyoamua ukubwa wa herufi, idadi ya maneno na mahali pa kuweka kila mchoro.

Kazi huanza kwa kusoma maelekezo ya waandaaji kuhusu ubao. Ubao wenye upana wa mita moja hupokea A0 iliyosimama wima bila shida, lakini A0 iliyolazwa itatokeza karibu sentimita 19, na mwanafunzi aliyekwisha kuichapisha hana tena la kufanya. Ukubwa huohuo huwekwa katika programu kabla ya kuandika neno la kwanza. Katika PowerPoint, kwa mfano, slaidi hupewa upana wa sentimita 84.1 na urefu wa sentimita 118.9. Anayesanifu kwenye slaidi ya kawaida na kumwachia mchapaji aikuze atakuta uwiano wa pande hauoani, hivyo bango ama hukatwa ama hubaki na ukanda mweupe pembeni.

Chukulia mwanafunzi wa shahada ya uzamili mjini Morogoro aliyehifadhi mahindi makavu kwa miezi 6, mengine kwenye magunia ya kawaida na mengine kwenye mifuko isiyopitisha hewa, akipima sumukuvu kila mwezi. Tuseme aligundua kwamba mahindi ya magunia yalivuka kikomo cha mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, ambacho ndicho kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na yale ya mifuko hayakukivuka. Ubao aliopewa ni wa wima.

Kichwa cha bango ndicho pekee kitakachosomwa na watu wengi wanaopita, kwa hiyo kinafaa kubeba jibu lenyewe. Mwanafunzi huyu huenda akavutwa kuandika kama kwenye tasnifu: tathmini ya athari za mbinu tofauti za uhifadhi katika kiwango cha sumukuvu. Kichwa hicho kinataja mada na kuficha kilichopatikana. Kilicho bora ni hiki: “Mahindi katika mifuko isiyopitisha hewa hayakuvuka kikomo cha sumukuvu kwa miezi 6”. Kina herufi 82 pamoja na nafasi. Kwa ukubwa wa pointi 100, herufi moja ya kawaida huchukua takriban milimita 18, na pambizo za milimita 30 kila upande huacha upana wa milimita 781, unaotosha herufi 44 kwa mstari. Kichwa kinakaa katika mistari miwili na kusomeka kutoka mita kadhaa. Kikihitaji mstari wa tatu, dawa ni kupunguza maneno, herufi zisiguswe.

Kichwa chenye jibu kina sharti lake: kisiseme zaidi ya data. Mfuko usiopitisha hewa huzuia kuvu kukua kwa sababu wadudu na nafaka yenyewe humaliza oksijeni iliyomo, lakini hauondoi sumu ambayo tayari imo katika punje. Mwanafunzi akiandika kwamba mifuko “huondoa sumukuvu”, mtaalamu wa kwanza atakayesimama mbele yake ataanza na kosa hilo, na mazungumzo yote yatakwama hapo. Chini ya kichwa huja majina ya watafiti na taasisi kwa pointi 40 hadi 50. Nembo moja au mbili ndogo zinatosha, kwa kuwa safu ya nembo juu ya bango hula nafasi bora kuliko zote bila kumweleza msomaji lolote.

Kisha huja safu. Upana wa safu huamuliwa na urefu wa mstari ambao jicho linaweza kuufuata na kurudi mwanzoni mwa mstari unaofuata bila kupotea, nao ni kati ya herufi 45 na 75. Safu mbili zilizotenganishwa kwa milimita 31 huipa kila moja milimita 375, ambazo kwa herufi za pointi 30 hubeba takriban herufi 70. Safu tatu zingekuwa na takriban milimita 240 kila moja. Maandishi yangesomeka vizuri, ila grafu kuu ingebanwa. Utafiti huu unasimama juu ya grafu moja, hivyo safu mbili zinaufaa zaidi. Bango la kulala, lenye upana wa milimita 1189, kwa kawaida huchukua safu tatu au nne.

Msomaji hushuka safu ya kushoto hadi chini, kisha hupanda juu ya safu ya kulia. Mpangilio huo una faida ukumbini, kwa sababu watu wawili au watatu wanaweza kusoma kwa pamoja wakisogea taratibu kuelekea kulia. Mabango mengi huuvuruga bila mwandishi kujua. Visanduku vikiwa na urefu sawa na kujipanga kama vyumba vya jedwali, jicho huona mistari ya kwenda kando, nalo hutoka Utangulizi likarukia Matokeo kabla ya kufika kwenye Mbinu. Chanzo huwa ni nafasi tupu. Jicho huunganisha vitu vilivyo karibu na kutenga vilivyo mbali, kwa hiyo pengo kati ya safu na safu lazima lizidi pengo kati ya sehemu na sehemu ndani ya safu moja. Katika bango hili, milimita 31 kati ya safu na milimita 15 kati ya sehemu hutosha kuonyesha njia bila mshale wowote. Jaribio lake ni jepesi: rafiki asiyejua utafiti apewe bango na aombwe kupitisha kidole pale anaposoma. Kidole kikisita au kikivuka kwenda safu nyingine kabla ya wakati, mpangilio urekebishwe, hata kama mwandishi mwenyewe anauona uko wazi.

Urefu wa mwili wa binadamu nao una sauti yake. Bango la A0 la wima ambalo ukingo wake wa juu uko mita 2 kutoka sakafuni huishia sentimita 81 juu ya sakafu, yaani usawa wa nyonga. Hakuna anayeinama kusoma hitimisho lililoko huko. Ndiyo maana kwa mwanafunzi huyu Matokeo huanza juu kabisa ya safu ya kulia, grafu ikiwa mbele ya macho, na hitimisho la sentensi mbili au tatu hufuata mara baada yake. Safu ya kushoto hubeba sababu ya utafiti, swali, na mbinu kwa picha chache za magunia na mifuko. Marejeo, shukrani na mfadhili hushushwa chini, maana atakayevihitaji atavitafuta.

Mwaka 2019 Mike Morrison, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu nchini Marekani, alieneza muundo tofauti: tamko moja kubwa katikati ya bango, maelezo yakiwa yamesukumwa pembeni. Amesaidia wengi kuachana na mabango yaliyojaa maneno. Hata hivyo, ukumbi wenye wataalamu hutaka kuona ushahidi, na katikati penye tamko tupu hapawapi cha kujadili. Kwa mwanafunzi anayekwenda kukosolewa ili ajifunze, kichwa chenye jibu pamoja na grafu kubwa ni chaguo salama zaidi.

Grafu ya bango si ile ya tasnifu iliyokuzwa. Hii ya sumukuvu itakuwa na mistari miwili, miezi kwenye mhimili wa chini na mikrogramu kwa kilo kwenye mhimili wa wima, na mstari wa tatu wa vitone utakaokata grafu kwenye 10. Mstari huo wa kikomo ndio hubeba hoja yote, kwani bila huo msomaji huona namba zinapanda asijue ni lini ziligeuka hatari. Majina “magunia” na “mifuko” huandikwa kwenye ncha za mistari yenyewe, ili jicho lisilazimike kwenda na kurudi kwenye kisanduku cha rangi. Rangi ziwe buluu na chungwa badala ya nyekundu na kijani, ambazo baadhi ya watu, hasa wanaume, hawawezi kuzitofautisha. Maelezo chini ya grafu yaanze na kile inachoonyesha, ndipo yataje idadi ya sampuli na maana ya vijiti vya makosa.

Kosa linalojitokeza mara nyingi ni picha yenye ukungu. Grafu inayojaza upana wa milimita 375 huhitaji angalau pikseli 2,200 kwa upana ili ichapwe kwa nukta 150 kwa inchi. Picha iliyonaswa kwenye skrini, yenye pikseli 900, hutoka na nukta 61 tu, na kingo za herufi huonekana zimeliwa. Tiba ni kuitoa grafu kwenye programu ya takwimu moja kwa moja kama PDF au SVG, ambazo hukuzwa bila kuharibika. Herufi za mihimili zisishuke chini ya pointi 24 zikishawekwa kwenye bango. Grafu iliyochorwa kwa upana wa sentimita 30 na herufi za pointi 10, ikipanuliwa hadi sentimita 37.5, hupata herufi za pointi 12.5, na hakuna atakayezisoma akiwa amesimama.

Maneno yote, bila marejeo, yakizidi 600 hivi huanza kufukuza watu. Sehemu ya Mbinu ndiyo hupunguzwa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa mtafiti yupo pale kueleza kwa mdomo. Ikisiri haina haja ya kurudiwa, isipokuwa waandaaji wameidai, maana bango lenyewe ni ikisiri.

Kabla ya kulipa mchapaji, bango lote lichapwe kwenye karatasi moja ya A4. A4 ni robo ya A0 kwa urefu na kwa upana, hivyo kuishika sentimita 37.5 kutoka machoni ni sawa kabisa na kusimama mita moja na nusu mbele ya bango halisi. Herufi za pointi 30 zitaonekana kama 7.5, ndogo lakini zinazosomeka. Zile za 12.5 zitakuwa takriban 3, na hapo tatizo litajionyesha lenyewe. Chochote kisichosomeka kwenye karatasi hiyo hakitasomeka ukumbini, na kurekebisha faili siku hiyo ni rahisi kuliko kuchapisha bango la pili usiku wa kuamkia kongamano.