Ndani ya 8FBF0014

Ukichungulia matumbo ya mchezo wa PlayStation ya kwanza, ile iliyotoka Japani Desemba 1994, hutakaa sana kabla ya kukutana na namba hii au ndugu zake wa karibu: 8FBF0014. Kwa macho haina tofauti na namba ya siri ya vocha. Kwa prosesa ni amri kamili yenye kitendo, mahali pa kuchukua, mahali pa kupeleka na umbali wa kwenda. Yote hayo yamebanwa ndani ya tarakimu 8, na anayejua pa kukata huyatoa kwa kalamu na karatasi tu.

Prosesa ya PlayStation ni ya ukoo wa MIPS, uliozaliwa kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1980 chini ya John Hennessy. Ukoo huo una sheria moja kali: hesabu hufanyika ndani ya rejista peke yake, yaani vile visanduku 32 vilivyomo ndani ya prosesa yenyewe. Kumbukumbu ya nje haiguswi na kujumlisha wala kulinganisha. Kinachoruhusiwa kuigusa ni amri za kuleta, zinazotoa thamani kwenye kumbukumbu na kuiingiza kwenye rejista, na amri za kuweka, zinazofanya kinyume chake. Ndiyo maana amri hizi mbili zimejaa kila mahali, na ukizijua hizo umeshaweza kufuatilia sehemu kubwa ya programu.

Kila amri ina biti 32, hazipungui wala haziongezeki. Tunaziandika kwa heksadesimali kwa sababu kila tarakimu yake hubeba biti 4 kamili: 0 hadi 9 ni kama tulivyozoea, kisha A ni 10, B ni 11, mpaka F ambayo ni 15. Basi kazi ya kwanza ni kufungua kila tarakimu iwe biti zake nne, bila kuruka hata moja:

```
8    F    B    F    0    0    1    4
1000 1111 1011 1111 0000 0000 0001 0100
```

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Macho yanashawishika kusoma kwa jozi: 8F, BF, 00, 14, kana kwamba kila jozi ina maana yake. Lakini walioiunda amri hii hawakukata kwa nne nne. Walikata biti 6, halafu 5, halafu 5, halafu 16. Ni kama kukata muwa katikati ya pingili badala ya kwenye fundo: kipande unachokipata kina nusu ya pingili hii na nusu ya ile. Kwa hiyo sahau tarakimu kwa muda, tazama mstari wa biti peke yake, na ukate upya kuanzia kushoto:

```
100011 11101 11111 0000000000010100
```

Fungu la kwanza, biti 6, ni namba ya kitendo. 100011 ni 32 na 2 na 1, yaani 35. Kwenye jedwali la MIPS, 35 ni `lw`: leta neno zima la baiti 4 kutoka kwenye kumbukumbu. Fungu la pili, 11101, ni 29, nalo ni rejista ya msingi, ile inayoshika anwani ya kuanzia. Fungu la tatu, 11111, ni 31. Hii nitaiita rejista ya mzigo, kwa kuwa ndimo kitakachochukuliwa kitakamotua. Fungu la mwisho, biti 16, ni 16 na 4, yaani 20: umbali, kwa hesabu ya baiti, kutoka kwenye ile anwani ya msingi.

Kwa desturi ya waandishi wa programu, rejista ya 29 huitwa `$sp`, nayo huonyesha kilele cha rundo ambamo kila kipande cha programu huweka vitu vyake vya muda. Ya 31 ni `$ra`, inayokumbuka mahali pa kurudi kazi ikiisha. Amri nzima basi huandikwa hivi:

```
lw $ra, 20($sp)
```

Angalia mpangilio. Ndani ya biti, rejista ya msingi inatangulia na ya mzigo inafuata. Kwenye maandishi, ya mzigo ndiyo imekaa mbele na ya msingi imefungiwa ndani ya mabano nyuma. Anayenakili namba kwa mfuatano wa biti ataandika `lw $sp, 20($ra)`, sentensi ambayo kisarufi haina kosa lakini inaivuruga programu nzima, kwa sababu inalifuta rundo na kulitafuta pasipo rundo.

Tuseme sasa `$sp` ina 801FFFD0. Prosesa inaongeza 20, ambayo kwa heksadesimali ni 14, na kupata 801FFFE4. Inakwenda hapo, inachukua baiti 4, inaziingiza kwenye `$ra`. Anwani hiyo inagawanyika kwa 4 bila baki, na ni lazima iwe hivyo. Ukipiga hesabu ya `lw` ukapata anwani inayoishia na 1, 2 au 3, ama umekosea kukata, ama programu yenyewe ina hitilafu, kwani prosesa ingeikataa amri hiyo papo hapo.

Kuna njia nzuri ya kujihakikishia kwamba jibu ni sahihi, nayo ni kutazama juu kidogo, mwanzoni mwa kipande hicho hicho cha programu. Kama mwishoni kuna 8FBF0014, basi mwanzoni utaikuta AFBF0014. Tofauti ni tarakimu moja, 8 imekuwa A. Ukifungua biti zake, 1000 imekuwa 1010, biti moja tu imewaka. Namba ya kitendo sasa ni 101011, yaani 43, nayo ni `sw`: weka neno. Mengine yote hayajaguswa. Mwanzoni programu iliweka mahali pa kurudi kwenye baiti ya 20 ya rundo, na mwishoni inakuja kupachukua palepale. Jozi hii ikikosekana, au umbali wake usipolingana, shuku usomaji wako kwanza kabla ya kumshuku aliyeiandika programu.

Biti hiyo moja si bahati. Amri za kawaida za kuleta huanza na 100 na za kuweka huanza na 101, kwa hiyo ukiona neno linaanza na 8 au 9 ujue ni la kuleta, na likianza na A au B ni la kuweka. Hata hivyo usiende mbali zaidi ya hapo kwa macho matupu. `lw` inaweza kuanza na 8C, 8D, 8E au 8F, zote nne, kwa sababu biti mbili za mwisho za tarakimu ya pili si za kitendo tena, ni za rejista ya msingi. Nimeona watu wakitunga jedwali lao la jozi za mwanzo, wakaandika kwamba "8F ni lete", kisha wakakwama walipokutana na 8D wakidhani ni amri nyingine kabisa.

Anayetaka mashine imfanyie ukataji, mistari hii mitano ya Paithoni inatosha. Minne ya mwisho inasukuma biti kulia, au inabakiza zinazotakiwa, au inafanya yote mawili:

```
w = 0x8FBF0014
print(w >> 26)          # 35
print((w >> 21) & 31)   # 29
print((w >> 16) & 31)   # 31
print(w & 0xFFFF)       # 20
```

Kabla ya hayo yote, lakini, hakikisha neno lenyewe umelichukua kwa mpangilio wake. PlayStation huhifadhi baiti ndogo kwanza. Ukilifungua faili kwa programu inayoonyesha baiti moja moja, utakachokiona ni 14 00 BF 8F, na ni juu yako kuzigeuza. Asiyegeuza atakata 1400BF8F, na apate kitendo cha 5, `bne`, kinachomaanisha "ruka iwapo rejista hizi mbili hazifanani". Rejista zenyewe? Ya 0 na ya 0. Yaani amri ya kuruka endapo sifuri haifanani na sifuri, jambo ambalo halitatokea kamwe. Upuuzi wa namna hiyo ukiuona mara moja, huenda ni bahati mbaya. Ukiuona mstari baada ya mstari, baiti zimesimama kichwa chini. Nintendo 64, ambayo nayo ilitumia prosesa ya ukoo huu, huweka baiti kubwa kwanza, kwa hiyo mazoea ya mashine moja hayahamishiki kwenye nyingine.

Limebaki fungu la umbali, nalo lina ujanja wake. Chukua 8D09FFF0. Biti za mwanzo ni 100011 01000 01001: kitendo 35, msingi rejista ya 8 iitwayo `$t0`, mzigo rejista ya 9 iitwayo `$t1`. Umbali ni FFF0. Ukiusoma kama namba ya kawaida utapata 65,520, na utamwambia msomaji wako kwamba programu inaruka karibu kilobaiti 64 mbele. Haifanyi hivyo. Fungu hili lina alama: biti yake ya kwanza ikiwa 1, namba ni hasi, na thamani yake ni kile ulichokisoma ukiondoa 65,536. Hapa inabaki -16. Umbali wowote unaoanza na tarakimu 8 hadi F unarudi nyuma, na umbali mrefu kabisa unaowezekana ni 32,767 mbele au 32,768 nyuma.

Lakini anwani ya MIPS ina biti 32, na fungu lina 16 tu. Kumbukumbu iliyo mbali hufikiwaje? Kwa amri mbili zinazofuatana, na hapo ndipo ile alama ya hasi inapoonyesha meno:

```
3C088001   lui $t0, 0x8001
8D09FFF0   lw  $t1, -16($t0)
```

Ya kwanza, `lui`, inajaza nusu ya juu ya `$t0` na kuiacha nusu ya chini ikiwa sifuri, kwa hiyo `$t0` inakuwa 80010000. Ya pili inapunguza 16 na kuangukia 8000FFF0. Hiyo ndiyo anwani aliyoitaka mwandishi wa programu. Tazama kwamba nusu ya juu iliyoandikwa ni 8001, ilhali anwani inayotafutwa inaanza na 8000. Kompaila iliongeza moja makusudi, ikijua kwamba FFF0 itahesabiwa kuwa hasi na kuirudisha nyuma. Anayeunganisha nusu mbili kwa kuzibandika tu, 8001 na FFF0, atakwenda kuitafuta 8001FFF0, baiti 65,536 mbele ya panapotakiwa, na huko hatakuta kitu kinachofanana na alichokuwa anakifuatilia.