Filamu Iliyokatwa Dakika 90

Mwaka 1984 mwongozaji Mwitaliano Sergio Leone alionyesha filamu yake ya mwisho, Once Upon a Time in America, kwenye tamasha la Cannes. Ilikuwa na dakika 229, karibu saa nne. Wasambazaji wa Marekani waliona hakuna atakayevumilia, wakaikata hadi dakika 139.

Wakafanya na jambo zito zaidi: walipanga matukio upya kwa mfuatano wa miaka.

Leone alikuwa ameanza katikati. Mhuni Noodles, aliyeigizwa na Robert De Niro, anafungua sanduku linalotakiwa kuwa na fedha na kukuta magazeti matupu. Simu inalia zaidi ya mara 20, na mtazamaji hajui ni ya nani. Kuanzia hapo kila tukio la utotoni, hata la polepole, linabeba maswali hayo. Nani alichukua fedha? Simu ile ilileta balaa gani? Anayesubiri jibu hatazami saa.

Katika toleo fupi maswali hayo yalipoteza nafasi yake. Matukio yakawa yanafuatana tu, hili halisababishi lile, na wahakiki wengi wa Marekani waliliponda. Toleo refu ndilo linaloheshimiwa hadi leo.

Mtazamaji anayechoka, basi, ajiulize: dakika kumi zilizopita nilikuwa nasubiri kujua nini? Akikosa jibu, kasoro iko kwenye mwendo wa hadithi, hata kama filamu ni ya dakika 80.